Shinikizo ndani ya fuvu: Maumivu ya kichwa yanayoweza kupofusha

Maumivu ya kichwa ni jambo la kawaida kiasi kwamba wengi huyamaliza kwa vidonge viwili kutoka duka la dawa na kuendelea na shughuli zao. Hata hivyo, yapo maumivu yanayoandamana na dalili moja ambayo haifai kupuuzwa: macho kuingia giza kwa sekunde chache, hasa mtu anapoinama au kuinuka, kisha kuona tena kana kwamba hakuna lililotokea. Dalili hizi mbili zikikutana kwa mtu mmoja, huenda shinikizo limepanda ndani ya fuvu la kichwa na kuvimbisha neva za macho mahali zinapoingilia nyuma ya jicho.

Kuna chanzo kimoja cha hali hii ambacho huwakumba zaidi wanawake wa umri wa kuzaa walioongeza uzani katika miezi michache au mwaka uliotangulia. Ubongo wao hauna uvimbe, hauna maambukizi wala damu iliyoganda, lakini majimaji yanayouzunguka yamepanda shinikizo. Ugonjwa huo hauui kwa kawaida. Hatari yake ni upofu, na upofu wenyewe huja kwa mlango wa nyuma, kwani mgonjwa anaweza kusoma herufi ndogo kabisa ukutani ilhali sehemu kubwa ya uwezo wake wa kuona inaendelea kuliwa kutoka pembeni.

Presha tatu tofauti

Neno "presha" limewapotosha wengi. Mkazi wa mitaa ya Eastlands jijini Nairobi anayelalamikia kichwa na macho ataambiwa kwanza apime presha ya damu. Ikiwa ya kawaida, ataambiwa apime presha ya macho. Hiyo nayo ikiwa sawa, atahitimisha kwamba hana presha. Kumbe kuna ya tatu, ambayo vipimo hivyo viwili havigusi kamwe.

Presha ya damu ni nguvu ya damu katika mishipa, na hupimwa kwa mkanda wa mkononi. Presha ya macho ni shinikizo la majimaji yaliyo ndani ya jicho lenyewe, nayo inahusiana na ugonjwa wa glakoma. Presha ya tatu ni ya majimaji yanayouzunguka ubongo na uti wa mgongo. Mtu mzima huwa na takriban mililita 150 za majimaji hayo kwa wakati mmoja, lakini mwili hutengeneza karibu nusu lita kila siku na kunyonya kiasi kicho hicho kurudi katika damu. Unyonyaji ukizorota, shinikizo hupanda, kwa kuwa fuvu ni mfupa mgumu usioweza kutanuka ili kutoa nafasi.

Hata hivyo, kupima presha ya damu si kazi bure. Presha ya damu iliyopanda kupita kiasi inaweza yenyewe kuvimbisha neva za macho, na matibabu yake ni tofauti kabisa. Ndiyo maana daktari huanza na mkanda wa mkononi kabla ya kwenda mbali.

Jinsi jicho linavyodhurika

Neva ya jicho ni kama waya mnene wenye nyuzi zaidi ya milioni moja, zinazopeleka picha kutoka kwenye retina hadi kwenye ubongo. Tofauti na neva nyingine nyingi za mwili, neva hii imefunikwa na utando ule ule unaoufunika ubongo, na majimaji ya ubongo huifuata ndani ya utando huo hadi nyuma kabisa ya jicho. Kwa hivyo shinikizo likipanda kichwani, hupanda pia kuizunguka neva.

Ndani ya kila uzi kuna mwendo wa polepole wa virutubisho unaokwenda na kurudi. Shinikizo hilo hubana mwendo huo mahali neva inapotoka kwenye jicho, na virutubisho hurundikana kama msongamano wa magari kwenye makutano ya barabara. Nyuzi hufura. Daktari anayechungulia ndani ya jicho huona kichwa cha neva, ambacho kwa kawaida ni kisahani cheupe chenye rangi ya waridi na ukingo unaoonekana wazi, kimetutumka na kingo zake zimefifia. Pengine kuna vijidamu kandokando. Uvimbe huo huitwa papiledema, na kwa kawaida huyapata macho yote mawili.

Giza la sekunde chache hutokana na hali hiyo. Neva iliyovimba hupata damu kwa shida, na mtu akibadili mkao ghafla damu hupungua kwa muda mfupi. Jicho moja au yote mawili huona kijivu au weusi mtupu, kisha nuru hurejea kabla ya nusu dakika kupita. Giza lenyewe si kipimo cha madhara, kwani wapo wanaolipata mara nyingi kwa siku bila kupoteza uoni wa kudumu, na wapo wanaopoteza uoni bila kulipata. Kazi yake ni kuarifu kwamba neva imevimba na inafaa kuchunguzwa.

Uvimbe ukidumu, nyuzi huanza kufa. Zinazotangulia ni zile zinazohudumia pembe za uoni, hasa upande wa puani. Nyuzi za katikati, ambazo mtu huzitumia kusoma na kutambua nyuso, huponea hadi mwisho. Nyuzi zikifa hazioti tena. Neva hupauka, uvimbe hushuka, na mtu asiyejua anaweza kudhani kwamba amepona, kumbe kilichopungua ni nyuzi za kuvimba.

Dalili nyingine

Mbali na kichwa na giza la ghafla, kuna dalili mbili ambazo wagonjwa hawazitaji wasipoulizwa. Ya kwanza ni sauti masikioni inayovuma kwa mapigo ya moyo, ambayo husikika zaidi usiku kichwa kikiwa kwenye mto. Ya pili ni kuona vitu viwiliviwili, kimoja kando ya kingine, hasa vilivyo mbali. Hutokea kwa sababu shinikizo hudhoofisha neva inayogeuza jicho upande wa nje.

Maumivu yenyewe hayana sura moja. Kuna wanaoumwa zaidi wanapoamka, wanapokohoa au wanapoinama, na wengine huumwa shingo na mgongo. Wengine huumwa kama watu wenye kipandauso, na hapo ndipo wengi hutibiwa kipandauso kwa miezi kadhaa bila yeyote kuchungulia nyuma ya macho yao.

Mfano wa mkazi wa Donholm

Tuchukue mfano wa mwanamke wa miaka 29 anayeishi Donholm. Si mtu mmoja halisi, bali ni mfano uliojengwa kwa mwenendo wa kawaida wa ugonjwa huu. Urefu wake ni mita 1.60. Mwaka mmoja uliopita alikuwa na kilo 83, sasa ana kilo 94. Ameongeza kilo 11, yaani takriban asilimia 13 ya uzani wake wa awali. Kwa muda wa wiki sita amekuwa pia akimeza doksisaiklini aliyoandikiwa kwa ajili ya chunusi.

Kichwa kinamuuma kila asubuhi. Anapewa dawa za malaria, kisha dawa za kutuliza maumivu. Presha yake ya damu ni 124 kwa 80. Anaenda kwenye duka la miwani karibu na kituo cha matatu, anasoma mistari yote ya ubao, anaambiwa macho yake ni 6/6, na anauziwa miwani ya kukinga mwanga wa kompyuta. Maumivu yanaendelea. Anapoinama kupiga deki, macho yanaingia giza. Anaposimama ndani ya matatu ili ateremke, giza linarudi. Akiwa kando ya Barabara ya Outer Ring, anaona magari mawili mahali palipo na gari moja.

Jambo linalobadili mkondo wa mambo ni mtaalamu wa pili wa macho, ambaye badala ya kuishia kwenye ubao wa herufi anamtia matone ya kupanua mboni na kuchungulia ndani. Anaona visahani vyote viwili vimetutumka. Hampi dawa wala miwani. Anamwandikia barua na kumtuma hospitalini siku hiyo hiyo. Kutoka Donholm hospitali ya umma iliyo karibu ni Mama Lucy Kibaki, na yenye madaktari bingwa wa macho na wa neva ni Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta. Barua hiyo ina thamani kubwa, kwa kuwa mgonjwa anayesema tu "kichwa kinauma" hupangwa kwenye foleni ndefu, bali aliyeandikiwa kwamba neva zake za macho zimevimba huonwa kama mgonjwa wa dharura.

Hospitalini, hatua ya kwanza ni kupigwa picha ya ubongo, ikiwezekana kwa skani ya sumaku, ili kuhakikisha hakuna uvimbe. Picha ya pili huangalia mishipa mikubwa inayotoa damu kichwani. Damu ikiganda katika mishipa hiyo, kama inavyoweza kutokea baada ya kujifungua au kwa baadhi ya wanaotumia vidonge vya kupanga uzazi, dalili huwa zile zile lakini tiba ni dawa za kuzuia damu kuganda. Kuikosa picha hii ni kosa kubwa.

Picha zote mbili zinaonekana safi. Ndipo anapotolewa majimaji ya uti wa mgongo. Shinikizo linasomeka sentimita 34 za maji, ilhali kwa mtu mzima sentimita 25 na zaidi huhesabiwa kuwa juu. Majimaji yenyewe ni maangavu, hayana chembe za maambukizi. Hatimaye anapimwa upana wa uoni kwa mashine: anakaa akikazia macho nukta moja na kubonyeza kitufe kila aonapo nuru ndogo ikimulika pembeni. Ramani inayotoka inaonyesha pengo upande wa puani katika macho yote mawili. Yeye mwenyewe hakuwahi kuligundua. Jicho lililosoma 6/6 dukani lilikuwa tayari limepoteza sehemu yake.

Hofu ya sindano ya mgongo

Kipimo kinachokataliwa zaidi ni hicho cha kutoa majimaji mgongoni. Kuna imani iliyoenea kwamba anayedungwa mgongoni hupooza au hufa. Imani hiyo ina mzizi unaoeleweka: kwa miaka mingi waliodungwa walikuwa wagonjwa mahututi wa homa ya uti wa mgongo, na waliofariki walifariki kwa ugonjwa, lakini jamaa zao walikumbuka sindano.

Ukweli wa kimwili ni kwamba uti wa mgongo wa mtu mzima huishia karibu na pingili ya kwanza au ya pili ya kiuno. Sindano huingizwa chini ya hapo, kati ya pingili ya tatu na ya nne au ya nne na ya tano, mahali palipo na nyuzi za neva zinazoelea kwenye majimaji. Mgonjwa hulala kwa ubavu akiwa amejikunja magoti kuelekea tumboni, ngozi hutiwa ganzi, na shinikizo husomwa kwenye mrija uliosimamishwa wima. Mbinu hiyo ilianzishwa na daktari Mjerumani Heinrich Quincke mwaka wa 1891. Madhara ya kawaida ni maumivu ya mgongo, na kichwa kinachouma mtu anapokaa au kusimama na kutulia anapolala. Hilo huisha ndani ya siku chache kwa wengi.

Sharti lililopo ni kwamba picha ya ubongo itangulie. Kama kuna uvimbe mkubwa ndani ya fuvu, kutoa majimaji chini kunaweza kuuvuta ubongo uteremke, na hilo ni la hatari.

Kipimo hiki pia hutenganisha ugonjwa huu na mwingine unaofahamika sana katika eneo letu, yaani homa ya uti wa mgongo inayosababishwa na ukungu wa kriptokokasi kwa watu ambao virusi vya Ukimwi vimedhoofisha kinga yao. Hapo pia shinikizo hupanda sana na macho yanaweza kupofuka, na kutoa majimaji mara kwa mara huwa sehemu ya tiba. Kwa sababu hiyo, mtu aliyevimba neva za macho hawezi kuambiwa kwamba "ni uzani tu" kabla majimaji yake hayajafika maabara.

Tiba na mipaka yake

Kwa mwanamke wa mfano wetu, hatua ya kwanza ni kuachishwa doksisaiklini. Dawa za jamii ya tetrasaiklini, vitamini A kwa wingi, na dawa za chunusi zinazotokana nayo zimethibitishwa kuwa zinaweza kupandisha shinikizo hili. Daktari yeyote anayetibu hali hii huuliza dawa zote, zikiwemo zile zilizonunuliwa bila karatasi.

Dawa inayotumiwa zaidi ni asetazolamidi, ambayo hupunguza utengenezaji wa majimaji. Aghalabu huanza na miligramu 500 mara mbili kwa siku, na kuongezwa taratibu kulingana na uoni na jinsi mgonjwa anavyoivumilia. Ushahidi wake bora ulitolewa nchini Marekani mwaka wa 2014, katika utafiti wa wagonjwa 165 waliokuwa wamepoteza uoni kwa kiasi kidogo. Wote walipewa mpango wa kupunguza uzani na chumvi. Nusu walipewa asetazolamidi, hadi gramu nne kwa siku, na nusu nyingine vidonge visivyo na dawa. Baada ya miezi sita, waliopewa dawa walikuwa na uoni mpana zaidi. Tofauti hiyo haikuwa kubwa, lakini ilikuwa ya kweli.

Dawa hii ina kero zake, na asiyeelezwa huiacha. Vidole na midomo huwashwa kama vinavyochomwa na visindano, mkojo huwa wa mara kwa mara, na soda hupoteza ladha yake na kuwa kama maji machungu. Baadhi hupata mawe ya figo. Anayepanga kushika mimba, au aliye mjamzito, hana budi kumwambia daktari kabla ya kumeza.

Hata hivyo, kinachoondoa chanzo ni kupungua uzani. Kupunguza asilimia 5 hadi 10 kunaweza kushusha uvimbe wa neva, na wataalamu hutaja asilimia 15 kama kiwango kinachowafikisha wengi kwenye nafuu ya kudumu. Kwa mwenye kilo 94, asilimia 15 ni takriban kilo 14, yaani kumrudisha kwenye kilo 80, chini kidogo tu ya alipokuwa mwaka mmoja nyuma. Hesabu hii ni muhimu kwa sababu wengi huambiwa tu "punguza mwili" na kuondoka kliniki bila kujua kiasi, wakidhani wanadaiwa umbo la msichana wa shule. Uzani ukirudi, ugonjwa nao unaweza kurudi.

Pale uoni unapopungua kwa kasi, dawa na lishe haviwezi kungojewa. Wapo wachache ambao hupoteza uoni katika muda wa siku au wiki chache. Hao huhitaji upasuaji wa haraka: ama mrija wa kuhamisha majimaji kutoka kichwani au mgongoni hadi tumboni, ama kutobolewa utando unaozunguka neva ya jicho ili shinikizo lipungue hapo. Mrija unaweza kuziba na kuhitaji kurekebishwa, hivyo haufanywi kwa maumivu ya kichwa pekee.

Ufuatiliaji ndio unaopuuzwa zaidi. Maumivu yakitulia, mgonjwa huona hakuna haja ya kurudi. Lakini maumivu na uoni havifuatani. Mtu anaweza kupona kichwa huku neva zikiendelea kufa, na mwingine akaendelea kuumwa kichwa baada ya neva kutulia kabisa. Kinachoamua ni mambo mawili kila ziara: hali ya kisahani cha neva na ramani ya upana wa uoni. Mwanzoni ziara huwa kila baada ya wiki mbili au mwezi, kisha huachana kadiri hali inavyotengemaa.

Wanaume huugua mara chache, lakini wakiugua huwa katika hatari kubwa zaidi ya kupoteza uoni. Watafiti wa Atlanta, Marekani, waliripoti pia mwaka wa 2008 kwamba wagonjwa weusi walipoteza uoni vibaya zaidi kuliko wengine, hata baada ya tofauti nyingine kuzingatiwa.

Ya kumwambia daktari

Msomaji anayeumwa kichwa na kupata giza la ghafla, sauti ya mapigo masikioni au kuona viwiliviwili, asiishie kwenye ubao wa herufi. Aombe kwa maneno haya: achunguzwe nyuma ya jicho kwa matone ya kupanua mboni, na apimwe upana wa uoni. Avae viatu vya kutembea siku hiyo na asiendeshe gari, kwa sababu matone hayo hufifisha uoni wa karibu kwa saa kadhaa. Abebe dawa zote anazomeza, na akumbuke uzani wake wa mwaka uliopita.

Ikiwa uoni umepungua ndani ya siku chache, au kichwa kimeambatana na homa, shingo kukakamaa, kutapika mfululizo, kuchanganyikiwa au degedege, basi hapo hakuna kungoja siku ya kliniki. Ni kwenda katika idara ya dharura siku hiyo hiyo, hata kama ni usiku.